Nataka kumsomea dada shairi siku ya bethdei yake, ila shairi lenyewe limebeba siri

Shikamoo anti,

Mimi ni binti wa miaka 31, niko Dar. Dada yangu mkubwa yuko Tanga, ameolewa huko, na Jumamosi ya wiki mbili zijazo anatimiza miaka 40. Wanawe na shemeji wameandaa shughuli ndogo nyumbani, pilau, keki, mshereheshaji, watu kama 50 hivi wengi ukoo wa shemeji. Mama yetu naye atakuwepo.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilipofaulu kwenda kidato cha tano hela haikuwepo kabisa, ada, michango, godoro, sare, nauli, hamna. Dada akaziuza hereni zake za dhahabu, zile alizopewa na mama mkwe wake siku ya harusi. Ukweni akasema zimeibiwa. Ni miaka 13 sasa, anayejua ni mimi tu, hata mama hajui, hata kaka hajui.

Mwaka huu nimejibana nikampelekea sonara picha ya harusi ya dada akanitengenezea hereni zinazofanana na zile kabisa, za duara zenye vishanga vitatu. Nataka nimkabidhi mbele za watu na nisome shairi kabla hajafungua. Nimeandika beti 12. Ubeti ninaoupenda ni huu:

Dada uliuza hereni, ili mimi nikasome,
Ulisema zimeibwa, ukweni wasikuseme,
Leo nimekuletea, nyingine uzitazame,
Wewe ndiye mama yangu, hapi bethdei dadangu.

Kaka nimemwambia tu kuna shairi, sijamsomea, anasema mambo ya mashairi ni ya kizamani nipige tu glasi niseme neno moja nikae. Mimi naona kama nisipoyasema siku hiyo sitayasema tena. Ila nikisoma huo mstari wa pili moyo unanienda mbio. Nitoe? Niache? Na hata nikiutoa, shairi lenyewe naona kama linachechemea sijui tatizo nini. Nisaidie anti.

Mdogo Mtu, Dar

---

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu na huo ubeti nimeusoma kwa sauti jikoni kwangu peke yangu, kwa sababu shairi la kusomwa huwezi kulijua kwa macho. Nianze na kitu ambacho naona hujakiangalia. We unadhani siri iko kwenye mstari wa pili, ukiufuta basi mambo yameisha, lakini hebu fikiria vizuri, siri iko kwenye kile kiboksi cha hereni. Umezitengenezesha zifanane kabisa na zile za zamani, na mtu aliyezichagua zile za zamani kwa mkono wake atakuwa amekaa pale kiti cha mbele. Mwanamke wa Tanga anayemnunulia mkamwana dhahabu hasahau umbo lake, hata miaka 13 ni michache. Dada akifungua tu, watu wakipiga vigelegele, yule mama ataangalia vile vishanga vitatu na ataanza kujiuliza mdogo mtu amejuaje umbo, na kwa nini hizi, na kwa nini leo. Yaani hata ukisimama pale usiseme neno hata moja, hereni zitasema. Kwa hiyo swali la shairi na swali la zawadi ni swali moja, usiyatenganishe.

Cha pili nataka nikuulize taratibu, na usinijibu haraka. Unajuaje kwamba yule mama mkwe hajui? Miaka 13 ndani ya ukoo mmoja ni mingi, watu wazima wanajua mambo mengi wakayakalia kimya kwa heshima. Inawezekana alijua tangu mwezi ule ule akaamua kunyamaza, inawezekana shemeji yako aliambiwa zamani chumbani na wameshayamaliza. Inawezekana pia hakuna anayejua kabisa na dada bado anaibeba peke yake. Hizo ni hali tatu tofauti na kila moja inalifanya shairi lile lile liwe kitu kingine. Kwa hali ya kwanza ni kufungua mlango ambao mzee aliufunga kwa hiari yake, kwa ya pili pengine ni furaha tupu, kwa ya tatu ni kumvua dada nguo mbele ya watu 50 siku ya sherehe yake. We umeandika kama vile unaijua ni ipi. Sidhani kama unaijua.

Na la tatu ni hilo uliloliandika mwenyewe, kwamba usipoyasema siku hiyo hutayasema tena. Hapo nimekuhurumia sana kwa sababu naona uzito ulionao. Ila jiulize, ni nani anayehitaji yasemwe mbele za watu, ni dada au ni wewe? Simaanishi kwamba ukiwa ni wewe basi ni vibaya, hapana, mtu aliyesomeshwa kwa hereni za mwenzake ana haki ya kutaka dunia ijue. Lakini hadithi ina watu wawili na aliyeuza ni yeye, aliyesema zimeibiwa ni yeye, na shukrani ikimfanya aanze kujieleza kwa wakwe jioni hiyo itakuwa imemgharimu mara ya pili.

Haya, sasa tuongee njia, maana ziko zaidi ya hizo mbili za kutoa au kuacha.

Njia ya kwanza ni kuyagawa. Ufike Tanga Ijumaa, usiku watoto wakishalala mkae wawili, umsomee ubeti wa hereni na kumkabidhi kiboksi hapo hapo, alie, mlie, aamue mwenyewe atazivaa kesho au atazifungia kabatini. Jumamosi mbele za watu unakabidhi zawadi nyingine, mfano doti ya khanga, na unasoma shairi fupi lisilogusa siri. Uzuri wake ni kwamba yeye ndiye anayeshika usukani wa jambo lake. Ubaya wake ni kwamba anaweza akagoma kuzipokea, au akalala na mawazo akaamka siku ya shughuli macho yamevimba, na hilo ulitegemee kabisa. Ukichagua khanga angalia jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini juu ya pindo, maana khanga ni barua na mgeni wa kwanza ataisoma kabla hajasema hodi. Iliyoandikwa "Wema hauozi" inaenda vizuri na shughuli kama hii. Iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", hata kama rangi zake zinapendeza vipi, ukoo wa shemeji utaanza kuangaliana hasidi ni nani.

Njia ya pili ni kumuuliza kabla. Unapoteza sapraizi, ni kweli. Lakini kuna akina dada ambao sapraizi haiwapendezi hata kidogo, we ndo unamjua wako.

Njia ya tatu ni fumbo. Unasoma mbele ya wote shairi ambalo watu 49 watalisikia kama shukrani ya kawaida na mtu mmoja ataelewa kila neno. Sisi watu wa pwani hii ndo kazi tunayoiweza tangu zamani, lakini ina hatari yake, kwa sababu fumbo likikaa vibaya linageuka kijembe. Ukisema "walidhani hatutafika" au "waliocheka leo wako wapi", basi wakwe watadhani wanasemwa wao hata kama we ulikuwa unawaza watu wengine kabisa. Kwenye fumbo la shukrani usiweke "wao" kabisa, weka "wewe" na "mimi" na "sisi" tu. Na kiboksi bado ni tatizo pale pale, maana wageni wataimba fungua fungua na mshereheshaji atakuwa wa kwanza kukivuta, kwa hiyo njia hii inataka zawadi nyingine ya kufunguliwa hadharani au hereni za umbo tofauti.

Na njia ya nne ni kuyasema yote kama ulivyoandika. Siifuti. Kuna familia ambazo jambo kama hili likisemwa linafungua vifua, mama mkwe anasimama anamkumbatia mkamwana na sherehe inakuwa haisahauliki. Ila njia hii ndiyo pekee ambayo ukiikosea huwezi kuirudia, na ukumbuke kwamba pamoja na wema wa dada utakuwa unamtangazia mzee wa watu, mbele ya ndugu zake, kwamba zawadi yake iliuzwa na akaambiwa uongo. Na mama yenu naye atasikia kwa mara ya kwanza hapo hapo kwamba binti yake mmoja aliuza dhahabu ili mwingine asome. Unajua atalipokeaje? Mimi sijui.

Kuhusu kaka, asikukatishe tamaa lakini usimpuuze moja kwa moja, ana hoja moja ambayo haijui. Beti 12 ni nyingi. Ubeti wa mistari minne ukisomwa taratibu na pumzi zake unachukua karibu sekunde 25, kwa hiyo beti 12 ni dakika tano kavu, na hapo pilau linapoa na watoto wameanza kuvuta kitambaa cha meza ya keki. Shairi la kukabidhi zawadi beti mbili au tatu zinatosha, halizidi dakika moja na nusu na hapo bado watu wana hamu. Zile tisa zilizobaki usizichane, ziandike kwenye kadi umwachie, atazisoma mwenyewe usiku.

Sasa kuchechemea. Umeandika kwa mtindo wa tarbia, mistari minne, kila mstari una vipande viwili, na sikio la msikilizaji wa Kiswahili limezoea kila kipande kiwe na mizani nane. Mizani ni silabi, hesabu kwa vidole. Kipande chako cha kwanza, da-da-u-li-u-za-he-re-ni, ni tisa, ndo maana ulimi unajikwaa hapo hapo mlangoni. Ukisema "uliziuza hereni" inakuwa u-li-zi-u-za-he-re-ni, nane, na neno dada linasubiri mbele kwenye nafasi yake. Angalia pia ile m iliyosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama kwenye mdogo au mzigo, hiyo inahesabiwa silabi yake, m-do-go ni tatu, wengi wanaisahau na mstari unazidi bila wao kujua.

Halafu vina. Mwisho wa mistari yako mitatu umeweka some, seme, zame, vizuri kabisa, ila katikati una -ni, -bwa, -a, -ngu, kila mmoja kivyake, na mstari wa mwisho umeacha -me ukaingia -ngu. Sikio lilikuwa linasubiri -me, likaletewa hapi bethdei. Maneno ya hapi bethdei watu wameshayaimba kwenye keki, kwenye shairi hayana kazi.

Na kuna jambo moja zito kuliko mizani. "Wewe ndiye mama yangu." Mwanangu, mama yako atakuwa amekaa pale. Najua ulivyomaanisha, na pengine mwenyewe atatabasamu, lakini mzazi aliyefiwa na mume akawa hana ada ya mwanae ana kidonda chake na huo mstari unakigusa. Unaweza kumpandisha dada bila kumshusha mama, na hata inapendeza zaidi ukiwaweka wote wawili mstari mmoja.

Ubeti wako wa siri, ukiamua kuusoma wawili tu usiku wa Ijumaa, ungeweza kukaa hivi:

Uliziuza hereni, ili mimi nikasome,
Ukanyamaza ukweni, kuchelea wakuseme,
Leo zimo kiganjani, fungua uzitazame,
Zikae masikioni, na kimya chetu kikome.

Ona nimebakiza maneno yako mengi tu. Katikati yote -ni, mwisho yote -me, kila kipande nane. Na "ulisema zimeibwa" nimeiweka kando kwa makusudi, kwa sababu hata mkiwa wawili, kumkumbusha mtu uongo wake usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa ni kumchoma, wakati "ukanyamaza" inabeba jambo lile lile na yeye anaelewa.

Na kwa mbele za watu, huu ni mfano wa namna fumbo linavyoweza kukaa. Usilichukue kama lilivyo, mimi dada yako simjui, weka vitu vyake, njia mliyokuwa mnapita, chakula alichokuwa anapika, lakini uone umbo:

Nilipokuwa mdogo, nilishika nguo yako,
Penye mawe na magogo, nilipita nyuma yako,
Ukaubeba mzigo, wangu na ule wa kwako,
Dadangu hiki kidogo, pokea kwa moyo wako.

Arobaini si haba, umri wenye thamani,
Tukalala tumeshiba, asubuhi darasani,
Ulifungua akiba, tukavuka mitihani,
Dadangu hiki kidogo, pokea kwa moyo wako.

Ukashikana na mama, nyumba isije anguka,
Mola akupe uzima, na siku zenye baraka,
Leo sote twasimama, glasi zetu tunashika,
Dadangu hiki kidogo, pokea kwa moyo wako.

Siri yote iko kwenye neno moja, akiba. Kwa mgeni akiba ni akiba, hela ya kwenye kibubu, vikoba, chochote. Kwa dada ni zile hereni alizouza. Na mitihani nayo inabeba mbili, ya shule na ya maisha. Hivyo ndivyo fumbo linavyotakiwa liwe, neno la kawaida kabisa ambalo halimfanyi mtu ageuke kuuliza jirani. Mama yuko ndani kwenye ubeti wa tatu kwa heshima yake, na kule kugonga glasi alikokutaka kaka nako kumo, kwa hiyo naye atakuwa na kazi, ukifika pale ndo anasimama ananyanyua glasi yake ya juisi ya ukwaju na wengine wanamfuata.

Ule mstari wa nne unaojirudia ndo kituo, na nimeuweka uwe rahisi kwa sababu moja, mara ya pili watu watakuwa wameshaushika na mara ya tatu wataitikia na wewe. Usiwaombe. Ukifika hapo punguza mwendo tu, nyanyua macho, utasikia wanakuja.

Halafu fanya jaribio hili kabla hujafunga safari. Mtafute mtu asiyejua chochote, rafiki wa kazini au jirani, msomee shairi zima kwa sauti mara moja tu, afu muulize ameelewa nini. Akisema "dada yako alikulea vizuri", fumbo limekaa. Akisema "kwani kulitokea nini?" au "alitoa akiba gani?", basi linavuja, rudi ulilainishe neno lililomshtua. Na kama kuna sehemu umejikwaa mara mbili wakati unasoma, tatizo huwa ni mizani, hesabu tena kipande hicho.

Siku yenyewe ongea mapema na mshereheshaji. Mwambie unataka kuitwa baada ya watu kulishana keki na kabla foleni ya zawadi haijaanza, kwa sababu ile foleni ikianza watu wanakuja wanacheza na muziki hauzimwi tena, utasoma shairi juu ya spika. Dijei naye aambiwe azime kabisa, asipunguze. Andika kwenye kadi ngumu kwa herufi kubwa, usisome kwenye simu, meseji zinaingia katikati na mwanga wa simu unakuonyesha umeinamisha kichwa. Kila penye koma pumua. Maiki ishike mkono mmoja na kadi mkono mwingine, zawadi ashike mtu mwingine, mtoto wa dada mmoja anafaa sana, maana ukiwa na vitu vitatu mikononi lazima kimoja kianguke.

Na utalia. Nakuambia mapema ili usishtuke. Machozi yakija kwenye ubeti wa kwanza nyamaza, acha watu wapige vigelegele, wenyewe watakujazia hiyo nafasi, afu endelea. Yakija ukashindwa kabisa, awepo mtu mwenye nakala ya pili anayeweza kumalizia. Kaka yako angefaa, na nadhani akishausoma mwenyewe ubeti wa tatu hatasema tena ni mambo ya kizamani. Ila hapo angalia nakala unayompa, iwe ni ile ya kusomwa mbele za watu, kwa sababu naye siri haijui.

Kuhusu hereni zenyewe, kama baada ya kuyatafakari haya utaona umbo lile litaleta maswali, sonara anaweza kuzigeuza, kuondoa vishanga au kuvibadilisha mpangilio, dhahabu ni ile ile. Lakini inataka siku kadhaa na wiki mbili zinakimbia, kwa hiyo hilo usilisogeze mbele. Na kama utaona umbo lile lile ndo lenye maana kwako na kwake, basi nalo nalielewa, ila hapo ndipo ile Ijumaa usiku inakuwa na uzito zaidi, ili asubuhi yeye ndiye ajue anajibu nini akiulizwa.

Kabla ya yote hayo kuna simu moja ningependa uipige. Mpigie dada jioni akiwa jikoni, ongeeni mambo ya shughuli, mchele kilo ngapi, nani anapika, nani analala wapi. Afu katikati ya hayo, kama mtu aliyekumbuka tu, muulize: "Dada, hivi mama mkwe wako bado anazitaja zile hereni?" Ukishauliza nyamaza, usijaze nafasi, msikilize anavyovuta pumzi kabla hajajibu. Anti wako nasubiri uniandikie alisema nini.